Insha tatu ndani ya saa mbili: namna mwanafunzi anaweza kugawa dakika zake

Kijana aliyesomea sekondari yake Koni, kwenye mto Lufira, mashariki ya mji wa Likasi, anapofika chuo kikuu anakuta mtihani ambao hakuuzoea. Kwenye mtihani wa taifa, ule wote wanauita Egzeta, karatasi nyingi ni za kuchagua jibu. Insha ya Kifaransa, ile wanaita dizertasio, inaandikwa siku yake, mada moja tu. Sasa kwenye kozi ya historia, ya filozofia ao ya fasihi, profesa anaweza kuleta karatasi yenye maswali sita na sentensi moja juu: "Jibu maswali matatu. Muda: saa mbili."

Wengi wanaoanguka hapo si kwamba hawakujifunza. Wanajua kozi, lakini wanatoka chumbani na insha mbili nzuri na ya tatu yenye mistari minne. Wanasema muda ulikuwa mfupi. Ni kweli, ni mfupi, lakini ni uleule kwa wote. Tofauti inatoka kwa namna mtu anavyougawa.

Hesabu ya pointi

Tuchukue mtihani ambao kila swali liko na pointi 20, jumla 60. Mwanafunzi wa kwanza anapenda sana swali lake la kwanza. Analipa dakika 55, anapata 15. La pili analipa dakika 45, anapata 13. Anabakia na dakika 20 kwa la tatu, anaandika kwa haraka, anapata 5. Jumla ni 33 juu ya 60, maana yake 11 juu ya 20.

Wa pili hajui kozi kuliko mwenzake. Lakini anapa kila swali muda sawa, na kila moja linamletea 12. Jumla ni 36 juu ya 60, yaani 12 juu ya 20. Hana insha hata moja ya kupendeza kama ile ya mwenzake, lakini amempita.

Wa tatu anaandika mbili tu. Anapata 16 na 14, halafu sifuri. Jumla ni 30 juu ya 60, sawa na 10 juu ya 20. Anasimama juu ya mstari wenyewe wa kupita. Kama profesa akikata pointi moja kwa sababu yoyote, atakutana naye kwenye sesio ya pili.

Namba hizi ni mfano, lakini zinaonyesha jambo ambalo kila mwalimu anayesahihisha analijua. Pointi za kwanza za insha ndizo rahisi kupata: kuelewa swali, kutoa jibu wazi, kuleta hoja mbili tatu zenye mfano. Pointi za mwisho, kutoka 14 kupanda 17, zinaomba kazi nyingi sana. Kwa hiyo dakika kumi za ziada juu ya insha iliyokwisha kuwa nzuri zinaleta pointi moja ao mbili. Dakika kumi hizohizo, kwenye insha ambayo haijaanza, zinaweza kuleta tano ao sita. Ndiyo sababu insha isiyoandikwa ni hasara kubwa kuliko insha iliyoandikwa kwa wastani.

Dakika 120 zinakwenda wapi

Mgawanyo mmoja unaofanya kazi vizuri ni huu. Dakika 10 za kwanza ni za kusoma karatasi yote na kuchagua. Kisha kila insha inapata dakika 35. Tatu mara 35 ni 105. Dakika 5 za mwisho zinabakia kwa kupitia majina, tarehe na namba za maswali. Jumla: 10, na 105, na 5, ni 120.

Ndani ya zile 35, sita ni za kupanga hoja kwenye karatasi ya majaribio, 27 ni za kuandika, na mbili ni za kusoma tena kilichoandikwa. Watu wengi wanaogopa zile dakika sita za mpango. Wanaona jirani yao ameanza kuandika, na wao bado wanachora mistari midogo. Lakini mtu asiye na mpango anasimama katikati ya ukurasa kufikiria, anafuta, anarudilia hoja aliyokwisha kusema. Dakika sita alizokimbia zinamrudia kidogo kidogo, na kwa hasara.

Jambo la kwanza la kuandika kwenye karatasi ya majaribio, hata mbele ya kusoma maswali, ni saa za kubadilisha swali. Mtihani ukianza saa mbili kamili asubuhi, ile saa ya mkono inaonyesha 8:00, mwanafunzi anaandika hivi:

8:10, naanza insha ya kwanza.
8:45, naanza ya pili.
9:20, naanza ya tatu.
9:55, napitia yote.
10:00, natoa karatasi.

Inajulikana kwamba mitihani mingi haianzi kwa saa iliyoandikwa. Karatasi zinachelewa, watu wanahesabiwa, viti vinapangwa upya. Kama karatasi imegawiwa saa 8:17, usibakie na saa za zamani kichwani. Uliza msimamizi mwisho ni saa ngapi. Akisema saa mbili zinahesabiwa kuanzia sasa, basi badilisha zote: 8:27, 9:02, 9:37, 10:12, na mwisho 10:17. Akisema mwisho unabakia 10:00, uko na dakika 103 tu. Hapo punguza kuchagua hadi dakika 7, kupitia hadi 3, na kila insha ipate 31.

Simu hairuhusiwi chumbani, na mara nyingi hakuna saa ukutani. Saa ya mkono ya bei ndogo ndiyo dawa. Asiyekuwa nayo aombe msimamizi, mbele ya kuanza, aandike saa ubaoni kila nusu saa. Ni ombi la kawaida, na linasaidia chumba chote.

Maneno mangapi yanaingia ndani ya dakika 27

Hapa ndipo mpango wa wengi unavunjika. Mtu anapanga hoja sita kwa kila swali sababu nyumbani alijifunza hoja sita. Lakini mkono wake hauwezi kuandika hoja sita ndani ya dakika 27.

Kila mtu ajipime mbele ya mtihani. Chukua mada unayoijua, andika kwa mkono dakika kumi bila kusimama, kwa lugha ile ya mtihani, yaani Kifaransa kwa wengi wetu. Kisha hesabu maneno. Tuseme umepata 130. Hiyo ni maneno 13 kwa dakika, na kwa dakika 27 inafika karibu 350.

Maneno 350 ni kitu gani? Ni mwanzo wa maneno 40, hoja tatu za maneno 85 kila moja, na mwisho wa maneno 50. Ukijumlisha unapata 345. Basi insha ya mtu huyu iko na hoja tatu, si sita. Akijua hivyo mapema, anachagua tatu zenye nguvu na anazieleza vizuri. Asipojua, anaanza na sita, na saa inamkata kwenye ya tatu, kabla hata hajafika kwenye hoja iliyokuwa bora.

Anayeandika haraka zaidi anaweza kuongeza hoja ya nne. Anayeandika polepole abakie na tatu lakini apunguze urefu wa kila moja. Kupunguza hadi hoja mbili ni hatari, sababu insha ya hoja mbili inaonekana kama haijaisha.

Mfano: karatasi ya historia ya Katanga

Tuseme karatasi ya historia imeleta maswali sita, na matatu kati yao yanagusa eneo letu moja kwa moja. Swali la kwanza: "Eleza kwa nini kampuni ya Union Minière ilijenga vituo vya umeme kwenye mto Lufira." La pili: "Sera ya kuwaweka wafanyakazi wa migodi pamoja na familia zao ilikuwa kwa faida ya kampuni zaidi kuliko ya wafanyakazi. Jadili." La tatu: "Linganisha kujitenga kwa Katanga na kujitenga kwa Kasai ya Kusini." Matatu mengine yanahusu mkutano wa Berlin, kutaifishwa kwa migodi mwaka 1967, na vita vya 1996.

Katika zile dakika kumi za kwanza, mwanafunzi asichague swali kwa sababu mada inampendeza. Achague kwa jaribio moja: chini ya kila swali aandike maneno matatu, neno moja kwa kila hoja. Ikiwa ndani ya dakika moja hoja tatu hazitoki, swali hilo liachwe, hata kama jina lake linajulikana sana. Dakika sita kwa maswali sita, dakika mbili kwa kusoma maagizo, na mbili kwa kuamua.

Aangalie pia neno la amri. "Eleza" linaomba sababu na namna. "Jadili" linaomba msimamo: unakubali, unakataa, ao unakubali kwa sehemu, na kwa nini. "Linganisha" linaomba vitu viwili viwekwe pamoja kwenye kila hoja. Kujibu "jadili" kama vile ni "eleza" kunapoteza pointi nyingi kuliko kusahau tarehe.

Swali la pili, lile la wafanyakazi, ni mfano mzuri wa kupanga kwa dakika sita. Dakika ya kwanza inakwenda kwenye jibu lenyewe, kwa sentensi moja. Kwa mfano: ndiyo, kampuni ilifaidika zaidi, lakini wafanyakazi walipata vitu ambavyo baadaye viliwapa nguvu ya kudai. Jibu likiwa hapo, hoja zinajipanga zenyewe nyuma yake.

Dakika nne zinafuata kwa hoja tatu, kila moja na ushahidi wake. Hoja ya kwanza: kampuni ilikosa watu wa kazi. Ilikuwa inawatafuta mbali, Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini, kwa mikataba mifupi, na kila aliyerudi kwao alilazimu atafutiwe mwingine. Kuanzia miaka ya 1920 kuelekea mwisho, kumweka mtu na mke na watoto ilikuwa rahisi kuliko kumtafuta upya. Hoja ya pili: wafanyakazi walipata nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule, lakini vyote viliungwa na kazi, hata anayefukuzwa kazi alipoteza na nyumba. Hoja ya tatu: watu walioishi pamoja miaka mingi waliweza kusimama pamoja. Desemba 1941 waligoma Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville, ndiyo Likasi, wakidai mshahara. Élisabethville askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira.

Dakika ya sita inabakia kwa kupanga mwisho na kuweka namba. Mpango mzima ni mistari sita ao saba. Unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa Kibemba ao kwa vifupisho, hakuna anayeuhukumu. Sentensi moja tu inafaa iandikwe hapo kwa lugha ya mtihani: ile ya jibu. Sababu ndiyo itakayofungua insha, na mtu asianze kuitafutia maneno kwenye karatasi safi.

Mwanzo wa insha hiyo unaweza kuwa mfupi hivi: "Kuanzia miaka ya 1920, Union Minière iliacha mikataba mifupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao. Kampuni ndiyo iliyofaidika kwanza, sababu ilipunguza gharama ya kutafuta watu. Lakini maisha hayo ya pamoja yaliwapa wafanyakazi nguvu ambayo kampuni haikuitarajia." Mistari minne, na msomaji anajua tayari wapi insha inakwenda. Hakuna haja ya kueleza Katanga iko wapi wala shaba inafaa nini.

Kisha kila hoja iende kwa hatua tatu: sema hoja, leta ushahidi, unganisha na swali. Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Mwanafunzi anaandika juu ya nyumba na posho, halafu anaruka kwenye hoja nyingine. Sentensi moja ingemtosha: "Kwa hiyo nyumba ilikuwa msaada, lakini pia ilikuwa kamba ya kumfunga mfanyakazi kwenye kazi." Hapo ndipo anayesahihisha anaona kwamba swali limejibiwa, na si kwamba kozi imetapikwa.

Hatari ya kujua sana

Kwa mwanafunzi wa upande wa Likasi, karatasi kama hii iko na mtego wake. Swali la kwanza ni la nyumbani. Kijana wa Koni anajua mambo ya mto ule kuliko kitabu. Anajua kwamba kituo cha Mwadingusha, zamani Francqui, kilianza mwaka 1930, na cha Koni, zamani Bia, kilifuata chini yake mwaka 1950. Anajua ziwa la Tshangalele lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha. Anaweza kuandika kurasa nne juu ya mabomba, samaki na vijiji.

Lakini swali linauliza kwa nini vilijengwa. Hoja zake ni tatu. Ya kwanza, kiwanda cha Shituru, Likasi, kilianza mwaka 1929 kusafisha shaba kwa umeme, na kazi hiyo inakula umeme mwingi. Ya pili, makaa ya mawe yalikuwa yanatoka mbali, Wankie, Rodezia ya Kusini, kwa garimoshi, na kutegemea nchi ya mwingine kwa nguvu za kiwanda ni jambo gumu. Ya tatu, maporomoko ya Lufira yalikuwa karibu na migodi, na waya ungeweza kufika bila safari ndefu. Ziwa na samaki ni matokeo ya ujenzi, si sababu yake. Sentensi moja juu yao ni nyingi.

Swali la tatu linaleta mtego uleule. Likasi inakumbuka Septemba 1961, wakati kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kilipozingirwa Jadotville, kikapigana siku tano, kikaishiwa maji na risasi, kikajisalimisha. Ni kisa kinachovuta kalamu. Lakini swali ni kulinganisha sehemu mbili zilizojitenga, na kisa hicho kinaingia kwa sentensi moja tu, pale mwanafunzi anapoeleza namna Umoja wa Mataifa ulivyoingia Katanga.

Namna ya kupanga swali la kulinganisha nayo inakula ao inaokoa muda. Wengi wanaandika kwanza Katanga yote, kisha Kasai yote. Saa inawakata wakiwa bado Katanga, na hakuna ulinganisho hata mmoja. Afadhali kila hoja ibebe pande mbili. Mali: shaba upande mmoja, almasi upande wa pili. Msaada wa nje: pande zote mbili zilipata mkono wa Wabelgiji, lakini Katanga ya Tshombe ilipata zaidi, pamoja na pesa za Union Minière. Mwisho: jeshi la serikali liliingia Kasai ya Kalonji mapema, Agosti 1960, mwezi uleule wa kujitenga, wakati Katanga ilidumu kutoka Julai 1960 hadi Januari 1963, ikaangushwa na nguvu za Umoja wa Mataifa. Kwa mpango huo, hata saa ikikata kwenye hoja ya pili, ulinganisho uko tayari kwenye karatasi.

Saa ikifika, unahama

Kanuni ngumu kuliko zote ni ya 8:45. Insha ya kwanza haijaisha, mkono una moto, na mwanafunzi anajiambia "dakika tano tu". Dakika tano hizo zinakuwa kumi na mbili. Anayefuata mpango anamaliza sentensi aliyo nayo, anaacha nusu ukurasa mweupe, anafungua ukurasa mpya, anaanza swali la pili. Ule weupe si hasara. Dakika zikibakia saa 9:55, atarudi kuweka mwisho.

Ndiyo sababu kila insha inafaa ianze kwenye ukurasa wake. Anayezifuatanisha bila nafasi analazimika baadaye kuandika pembeni na kuchora mishale, na msahihishaji mwenye karatasi nyingi mezani anaweza kupita bila kuziona.

Kuhusu lipi lianze, wengi wanafanya vizuri kuanza na wanalolijua zaidi, sababu linatuliza moyo. Lakini ndilo pia linaloiba muda. Anayejijua kwamba hawezi kusimama, aanze na la pili kwa ubora, aweke lile analolipenda katikati. La mwisho liwe lile lenye hoja tatu zilizo wazi na rahisi kuandika, sababu litaandikwa na mkono uliochoka.

Kama mambo yameharibika

Tuseme ni saa 9:40 na insha ya tatu haijaanza. Zinabakia dakika 20. Hapo mpango wa dakika 35 umekufa, usijaribu kuufufua. Chukua dakika tatu kwa hoja tatu. Andika mwanzo wa sentensi mbili: jibu lako, na sababu zake kwa ufupi. Kisha kila hoja sentensi nne: hoja, ushahidi, maelezo, kuunganisha na swali. Mwisho sentensi moja. Ni karibu maneno 200, yanaingia ndani ya dakika 16, na insha hiyo ni fupi lakini ni nzima.

Zikibakia dakika tano tu, andika jibu lako kwa sentensi moja kamili, na chini yake hoja tatu, kila moja kwa sentensi moja yenye ushahidi. Maprofesa wengine wanatoa pointi chache kwa mpango wa namna hiyo, wengine hawatoi. Lakini hakuna anayeweza kutoa pointi kwa ukurasa mweupe.

Kinachofaa kuepukwa ni kupunguza pote kwa pamoja: kuanza mwanzo mrefu wa kawaida, kwa matumaini kwamba saa itangoja. Insha iliyokatwa baada ya mwanzo mrefu haina hoja yoyote ya kupewa pointi.

Maswali yasipokuwa na pointi sawa

Mgawanyo wa 35 kwa 35 ni wa maswali yenye uzito mmoja. Kama karatasi inasema swali la kwanza ni pointi 10, la pili 20, la tatu 30, dakika zifuate pointi. Chukua zile 105, gawa kwa 60, unapata dakika moja na robo tatu kwa kila pointi. Basi la kwanza linapata dakika 17, la pili 35, la tatu 52, na moja inabakia ya kupumua. Na urefu ufuate vilevile: hoja mbili fupi kwa lile la pointi 10, hoja tatu kwa la 20, nne ao tano kwa la 30. Kuandika kurasa tatu kwa swali la pointi 10 ni kumpa profesa zawadi ambayo hana mahali pa kuiandika.

Kuzoeza mkono nyumbani

Mazoezi yanaanza na mipango, si na insha nzima. Chukua maswali ya mitihani ya zamani, ambayo wanafunzi wa mwaka wa mbele huwa nayo, na upange moja kwa dakika sita, kisha lingine, kisha lingine. Baada ya mipango kumi hivi, jibu la sentensi moja linaanza kutoka bila shida. Kisha andika insha moja moja kwa dakika 35, na alamu ya simu ikilia, kalamu inawekwa chini hata kama sentensi iko katikati. Mwishoni, angalau mara moja mbele ya mtihani, kaa saa mbili nzima na insha tatu.

Zoezi hilo la mwisho ndilo linaloonyesha jambo ambalo kupanga peke yake hakuonyeshi: mkono unachoka kwenye insha ya tatu. Hesabu maneno ya kila moja. Ikiwa ya kwanza ina 350 na ya tatu ina 240, basi siku ya mtihani panga kabisa hoja fupi kwa ya tatu, ao kata dakika tatu kwa ya kwanza uziongeze mwishoni. Mwanafunzi anayeingia chumbani na namba zake mwenyewe, si zile za rafiki wala za makala hii, ndiye atakayejua 8:45 ikifika kama bado yuko ndani ya muda ao ameanza kukopa.